Ujumbe Unaotafuta Nambari, na Ujumbe Unaotafuta Mahali

Desemba 24, saa kumi na moja jioni, nilikuwa kwenye foleni ya bucha moja huko nyumbani mashambani. Nilinunua kilo mbili za nyama, nikalipa kwa simu, na skrini ikaniambia ombi langu limepokelewa. Mwenye bucha akaangalia simu yake. Kimya. Nikaangalia yangu. Kimya pia. "Bado haijaingia, ngoja kidogo," akasema, huku mkono wake umeshikilia ule mfuko wa nyama kana kwamba ningeunyakua nikimbie. Ujumbe wa uthibitisho uliingia baada ya dakika ishirini na kitu. Pesa zilikuwa zimefika kitambo. Kilichochelewa ni SMS peke yake.

Kama umewahi kutuma pesa sikukuu, unaijua hiyo hali. Tunasema "mtandao umejaa" na maisha yanaendelea. Lakini jioni ile nilijiuliza swali ambalo halikunitoka: je, kama ujumbe uliokuwa njiani haukuwa wa nyama, bali wa kutuambia mto umevunja kingo na maji yanakuja? Dakika ishirini zingekuwa nyingi mno.

Jibu ni kwamba ujumbe wa aina hiyo haufai kusafiri kama SMS hata kidogo. Kuna njia nyingine, imo ndani ya karibu kila simu, na huenda hujawahi kuisikia ikifanya kazi. Wataalamu huiita Cell Broadcast, na utaliona jina hilo kwenye menyu za simu nyingi. Hapa tutaiita tangazo la mnara.

Kwanza, SMS inasafiri vipi?

SMS ni kama barua yenye anwani, na anwani yenyewe ni nambari yako. Ukitumiwa ujumbe, unaingia kwanza kwenye kituo cha ujumbe cha kampuni ya simu. Kituo hicho hakijui uko wapi. Kinauliza kwenye daftari kuu la mtandao: nambari hii ilionekana wapi mara ya mwisho? Daftari linajibu, tuseme, eneo la Naivasha. Basi minara ya eneo hilo inaita nambari yako hewani. Simu yako ikisikia inaitika, inapewa njia ndogo ya kwake peke yake, inapokea ujumbe, kisha inarudisha jibu kwamba umefika. Ndipo njia ile inaachwa ili mwingine aitumie.

Hatua zote hizo zina faida kubwa. Simu yako ikiwa imezimwa, kituo kinauhifadhi ujumbe na kujaribu tena baadaye. Mtumaji anaweza kujua kama umefika. Na hakuna mwingine anayeupata ujumbe huo isipokuwa wewe. Kwa mambo ya pesa, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Hebu fikiria salio lako likitangazwa kwa kila mtu aliye sokoni!

Lakini angalia gharama yake. Kila mpokeaji anahitaji kutafutwa kivyake, kuitwa kivyake na kupewa njia yake. Watu elfu moja ni safari elfu moja.

Tangazo la mnara halikutafuti

Sasa mfikirie mtu mwenye kipaza sauti juu ya pikapu, anayepita kijijini akitangaza mazishi au mkutano wa chifu. Haulizi jina la mtu. Hajui nani yuko ndani ya nyumba na nani yuko shambani. Anasema mara moja, na kila aliye karibu anasikia.

Tangazo la mnara hufanya hivyo hivyo. Eneo ambalo mnara unalihudumia huitwa seli. Wenye mamlaka ya kutoa tahadhari wanaandika ujumbe, kisha wanachora kwenye ramani eneo lililo hatarini. Mtambo wa kampuni ya simu unatafuta seli zote zinazogusa mchoro huo na kuipa minara yake maneno yale yale. Minara inayatangaza kwenye mkondo maalumu ambao simu huusikiliza hata kama umeiweka mfukoni na huigusi. Kila simu iliyo ndani ya seli na iliyowezeshwa kupokea inayapata maneno hayo, karibu kwa wakati mmoja.

Katika hatua zote hizo nambari yako haijatajwa popote. Mnara unasema, simu inasikiliza, basi. Simu hairudishi jibu lolote. Kwa hiyo aliyetuma hajui kama wewe umeupata ujumbe, hajui jina lako, wala hajui kama ulikuwa kwenye eneo hilo. Mgeni aliyefika jana na laini ya nchi nyingine anaweza kuupata sawa na mwenyeji aliyezaliwa hapo, kwa sababu kinachotafutwa ni mahali, si mtu.

Mnara pia hausemi mara moja ukanyamaza. Unarudia tangazo lile lile kila baada ya muda mfupi kwa kipindi kilichopangwa, ili hata anayeingia eneo hilo kwa matatu nusu saa baadaye, au aliyewasha simu sasa hivi, alipate. Je, simu yako italia mara mia? La. Kila tangazo lina nambari yake ya utambulisho. Simu ikiona ni lile lile ililokwisha kuonyesha, inalipuuza.

Jinsi linavyoingia nako ni tofauti. SMS inalia kwa mlio uliouchagua mwenyewe, au hailii kabisa kama umeweka simu kimya. Tahadhari ya dharura, kwenye simu za kisasa zilizowezeshwa, hutoa mlio mkali wa aina yake pamoja na mtetemo, na maandishi yanafunika skrini mpaka uyaguse. Tahadhari za ngazi ya juu zinaweza kulia hata simu ikiwa kimya. Lengo ni kumwamsha aliyelala.

Tufanye hesabu kidogo

Chukua mnara mmoja wa 2G ulio karibu na mto, wenye simu 3,000 ndani ya seli yake. Kwenye 2G, mnara hutenga njia ndogo ndogo za kazi kama kupokea SMS na kuanzisha simu. Tuseme seli hii ina njia nane za namna hiyo, na kila SMS inashika njia moja kwa takriban sekunde nne. Ina maana mnara unaweza kufikisha SMS mbili kwa sekunde. Simu 3,000 zitachukua sekunde 1,500, yaani dakika 25.

Na hiyo ni kama hakuna mtu mwingine anayezitumia njia zile. Kwenye dharura kila mtu anapiga simu: "Mama, uko wapi? Maji yamefika kwenu?" Kila anayepiga anapitia zile njia nane nane. Foleni inakuwa ndefu kuliko ya bucha yangu ya Krismasi, na mtu wa mwisho kwenye orodha anaweza kupata onyo baada ya kuliona lenyewe mlangoni.

Tangazo la mnara, kwenye mtandao huo huo wa 2G, hugawanywa katika kurasa za herufi 93. Ukurasa mmoja huchukua takriban sekunde mbili hewani. Onyo la herufi 250 ni kurasa tatu, yaani kama sekunde sita. Simu zikiwa 3,000 ni sekunde sita. Zikiwa 30,000 bado ni sekunde sita. Zikiwa tatu tu, ni zile zile sita. Idadi ya wanaosikiliza haimpunguzii kasi anayesema, na msongamano wa watu wanaopigiana simu haugusi mkondo wake.

Mitandao ya 4G ina njia pana zaidi, hivyo SMS huenda haraka kuliko hesabu hii. Lakini tofauti ya msingi inabaki: SMS huongezeka kazi kwa kila mpokeaji, tangazo haliongezeki.

Valencia: sekunde zilikuwepo, saa zikapotea

Usidhani teknolojia hii ikiwepo basi kila kitu kiko sawa. Mfano unaouma zaidi ni wa Valencia, Uhispania, Oktoba 29, 2024.

Asubuhi ya siku hiyo, idara ya hali ya hewa ya Uhispania, AEMET, ilitoa onyo jekundu la mvua kubwa kwa sehemu za mkoa huo. Onyo jekundu ndilo la juu kabisa. Mvua ikanyesha kutwa. Alasiri na jioni maji yakashuka kwa nguvu kwenye mabonde na kuingia miji ya chini kama Paiporta, ambako watu walikuwa barabarani wakitoka kazini, au kwenye maegesho ya chini ya majengo wakijaribu kuokoa magari yao.

Uhispania ilikuwa na mfumo wa tangazo la mnara, unaoitwa ES-Alert. Ulikuwa umeshajengwa na unafanya kazi. Lakini mlio wake ulisikika kwenye simu saa mbili na dakika kumi na moja usiku, ukiwataka watu waepuke safari yoyote ndani ya mkoa. Kufikia saa hiyo, miji kadhaa ilikuwa tayari imejaa maji. Wengine waliusikia mlio huo wakiwa wamenaswa ndani ya magari au wamepanda juu ya paa. Zaidi ya watu 220 walikufa katika mkoa wa Valencia, na suala la kuchelewa kwa tangazo lile likafika mahakamani.

Linganisha na Januari 2025 kule Uingereza. Kabla ya dhoruba iliyopewa jina Éowyn, tangazo la mnara lilitumwa jioni ya tarehe 23 kwa watu takriban milioni 4.5 wa Scotland na Ireland ya Kaskazini. Upepo mkali wenyewe ulifika siku iliyofuata. Watu walilala wakijua kesho si siku ya kusafiri.

Njia iliyotumika Valencia na Scotland ni ile ile. Kilichotofautiana ni saa ambayo mtu alibonyeza kitufe. Mnara unaweza kufikisha onyo kwa sekunde chache, lakini hauwezi kurudisha saa ambazo wakubwa walizitumia wakijadiliana kama watume au wasitume.

Hapa hakuna kurudisha muamala

Ukituma pesa kwa nambari isiyo yake, unapiga simu haraka na kuomba muamala urudishwe. Ukitangaza kwenye minara, huwezi kufanya hivyo.

Januari 13, 2018, saa mbili na dakika saba asubuhi, simu za watu wa Hawaii zililia na kuwaambia kombora linakuja, watafute kimbilio mara moja, na kwamba hayo si mazoezi. Hakukuwa na kombora lolote. Mfanyakazi wa idara ya dharura ya jimbo hilo alikuwa ametuma onyo la kweli wakati wa zoezi la zamu. Dakika chache baadaye walisimamisha tangazo, na hilo liliwasaidia tu wale ambao simu zao zilikuwa hazijalipata. Waliolisoma walibaki nalo kwenye skrini.

Dawa pekee ni kutuma tangazo la pili la kusahihisha la kwanza. Idara ile haikuwa na maneno ya kusahihisha yaliyoandaliwa, na ujumbe wa pili ulifika kwenye simu dakika 38 baada ya ule wa kwanza. Kwa dakika hizo zote kuna wazazi waliokuwa wakiaga watoto wao.

Ndiyo maana tahadhari hizi hazitumwi kwa kila mvua. Mlio ukisikika kila wiki, watu watauzima kwenye mipangilio, kisha siku ya kweli simu zitakaa kimya.

Mambo ambayo tangazo la mnara haliwezi

La kwanza, haliwezi kukungoja. SMS huhifadhiwa hadi uwashe simu. Tangazo likishakwisha muda wake na simu yako ilikuwa imezimwa, imeisha chaji au iko kwenye hali ya ndege, umelikosa. Na kama mnara wenyewe umekosa stima na betri zake zimekwisha, hakuna wa kutangaza.

La pili, haliheshimu mipaka ya kata wala kaunti. Mawimbi ya mnara ulio juu ya kilima hufika mbali, kwa hiyo walio upande wa pili wa bonde, ambao wako salama kabisa, wanaweza kusikia mlio uliokusudiwa wa mtoni. Ukilipata, soma jina la eneo kabla ya kukimbia.

La tatu, halimwambii mtumaji nani amelipata. Ndiyo sababu Ufaransa, kwenye mfumo wake wa FR-Alert, hutumia njia zote mbili: tangazo la mnara kwa kasi, na SMS za eneo kwa maelezo na kwa simu ambazo hazipokei tangazo. Hizi njia mbili si mahasimu. Moja inapiga kelele, nyingine inaeleza.

Matapeli nao wanajua kuna mafuriko

Hapa ndipo tofauti hii inagusa pochi yako moja kwa moja. Mvua ikileta maafa, siku hiyo hiyo simu zetu zinaanza kupokea SMS za "tahadhari" na "mchango wa waathiriwa". Sasa unajua jinsi tangazo la kweli la mnara linavyofanya kazi, una njia rahisi ya kupima.

Tangazo la mnara halijui nambari yako, kwa hiyo haliwezi kukuita kwa jina. Halijui una akaunti gani, kwa hiyo haliwezi kukwambia laini yako itafungwa. Halitokei kwenye nambari ya mtu unayoweza kuipigia. Linaweza kuwa na anwani ya tovuti ya serikali yenye maelezo zaidi, lakini halitakuomba utume pesa, uthibitishe PIN, au ubonyeze nambari fulani ili "usajiliwe kupata msaada". Ujumbe wowote unaoomba hivyo ni SMS ya mtu, hata ukiwa umeandikwa TAHADHARI kwa herufi kubwa. Uache hapo hapo.

Angalia simu yako leo

Kwenye simu nyingi za Android, fungua Settings, kisha utafute maneno Wireless emergency alerts. Simu nyingine huyaweka chini ya Safety & emergency, nyingine ndani ya programu ya ujumbe. Ukifika hapo, hakikisha kitufe cha kuruhusu tahadhari kimewashwa. Kwenye iPhone, nenda Settings, kisha Notifications, ushuke hadi chini kabisa. Vitufe vya tahadhari za serikali huonekana huko katika nchi ambazo huduma hiyo ipo. Kwenye kabambe na mulika mwizi, ingia menyu ya ujumbe utafute Cell broadcast au Info messages. Simu nyingi za aina hii hutoka dukani zikiwa zimezimwa sehemu hiyo.

Na kama una ndugu anayefanya kazi Uingereza au Dubai, mwambie jambo hili kabla hajashtuka. Binamu yangu aliye Dubai aliusikia mlio huo usiku wa mvua kubwa, akadhani simu imeingiliwa na wezi, akaizima na kutoa laini. Alinipigia asubuhi akiniuliza abadilishe PIN. Nilimuuliza ujumbe ulisemaje. "Sikuusoma," akasema. "Ulisema nini?"

Ulikuwa unamwambia asitoke nje.